Sofa ya karakana au ya kontena? Maswali kuhusu fremu, sponji na kitambaa

Kazi yangu ni kufumua makochi na kuyavalisha upya hapa Dar es Salaam. Yanayonifikia ni ya aina zote: yaliyotengenezwa Keko, yaliyoshonwa na fundi wa mtaani, na yaliyoshushwa kwenye kontena kutoka China, Uturuki au Dubai. Kochi likishavuliwa kitambaa halifichi kitu. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi na watu wanaotaka kununua, na majibu yanatokana na kile kinachoonekana kochi linapokuwa wazi.

Nikiwa na pesa ya kiasi, niielekeze zaidi kwenye mbao, sponji au kitambaa?

Anza na fremu, kisha sponji ya kukalia, halafu kitambaa. Sababu ni gharama ya kurekebisha. Kitambaa kikichoka unakibadilisha na kochi linaendelea. Sponji ikibonyea, unafungua zipu ya mto, unatoa ya zamani na kuweka mpya. Fremu ikivunjika hakuna njia ya mkato: kila kitu kinavuliwa, na mara nyingi kitambaa hakirudi kama kilivyokuwa kwa sababu kimeshatobolewa na pini pande zote.

Tatizo ni kwamba dukani mpangilio huu unageuka. Jicho linakutana na kitambaa kwanza, mwili unakutana na sponji, na fremu haiulizwi kabisa. Muuzaji naye anajua hivyo, ndiyo maana kochi lenye kitambaa cha kupendeza na fremu dhaifu ni rahisi kuuzika kuliko lile ambalo ni kinyume chake.

Fundi ananiambia atatumia mninga. Je, ni lazima?

Kwa fremu iliyofunikwa, hapana. Mninga, mkongo na mvule ni mbao nzuri sana, na mtiki wa mashambani, kama ule wa Kilombero, nao ni mzuri. Uzuri wao una maana pale mbao zinapoonekana: mikono iliyochongwa, miguu, ukingo wa chini uliopakwa vanishi. Kuzificha ndani ya sponji ni kulipia rangi na mistari ambayo hutaiona tena.

Fremu ya ndani ikitengenezwa kwa msindano, yaani paini inayotoka Mufindi na nyanda za Iringa, inatosha kabisa ikiwa imetimiza mambo mawili: imekauka, na imetiwa dawa ya wadudu. Wenzetu wa Nairobi hutumia sana saiprasi kwa kazi hiyohiyo. Mkaratusi una nguvu kuliko paini na unashika skrubu vizuri, lakini ukiwa mbichi hujipinda na kupasuka kwenye ncha, na fremu nzima inaenda upande.

Ninayoiogopa ni mbao nyeupe ya mwembe na mingine ya aina hiyo ambayo haijatiwa dawa. Wadudu wanaobungua mbao wanaipenda. Dalili ni tundu dogo kama ncha ya sindano na unga laini unaomwagika chini ya kochi, na kwa kawaida unga ukionekana sakafuni kazi ndani imeshafanyika. Hata katika mti mgumu, sehemu nyeupe ya nje ya gogo ndiyo inayoliwa, kiini chenye rangi kinastahimili. Kwa hiyo mtu anayekuuzia "mninga" wenye nusu ya ubao nyeupe amekuuzia nusu tu ya sifa za mninga.

Kuhusu mbao ya dawa, rangi ya kijani kwa nje peke yake si ushahidi. Omba kuona ncha iliyokatwa upya. Dawa iliyosukumwa kwa mashine inaonekana imeingia ndani ya ubao. Ile ya kupaka kwa brashi inaishia kwenye ngozi ya juu, na ubao ukikatwa unakuta katikati ni mweupe.

Nitajuaje kama mbao ni kavu?

Kati ya mambo yote ya fremu hili ndilo lililo muhimu zaidi, kuliko hata jina la mti. Mbao mbichi husinyaa inapokauka. Ikisinyaa ikiwa tayari imeshagongwa misumari, viungo vinaachia, msumari unabaki umeshika hewa, na kochi linaanza kulia kila mtu anapokaa. Wateja huniambia kochi lilikuwa zima kwa miezi mitatu au minne, kisha likaanza kulia ghafla. Kilichotokea ni kwamba mbao ziliendelea kukauka sebuleni kwao.

Ukienda karakana, chukua vipande viwili vya aina moja na ukubwa mmoja, kimoja kutoka kwenye rundo la fundi na kingine cha zamani ambacho kimekaa karakanani muda mrefu. Mbichi utaisikia kwa uzito mkononi, na ukiigusisha shavuni ni ya baridi. Angalia pia jinsi rundo linavyohifadhiwa. Fundi anayekausha kwa makusudi hupanga mbao chini ya paa, zimeinuliwa kutoka ardhini, na kati ya tabaka na tabaka kuna vijiti vya kupitisha hewa. Mbao zilizolazwa moja juu ya nyingine uani, zikinyeshewa na kuanikwa jua kwa zamu, hazikauki sawasawa hata zikikaa mwaka.

Kuna kipimo kidogo cha unyevu chenye sindano mbili ambacho baadhi ya mafundi wanacho. Unachoma sindano kwenye ubao na namba inatokea. Kwa hewa ya pwani, mbao iliyotulia husoma kati ya asilimia 12 na 15 hivi. Ikisoma zaidi ya 20, hiyo bado ni mbichi, na jibu sahihi ni kusubiri. Choma mahali palipokatwa upya, kwa kuwa uso wa ubao hukauka mapema na kudanganya.

Hapa ndipo sofa nzuri ya kiwandani inapomzidi fundi wetu wa kawaida. Kiwanda kinakausha mbao kwenye tanuru kabla ya kuziunga. Fundi wa mtaani hana tanuru, anategemea muda, na muda ndio kitu ambacho mteja mwenye haraka humnyima. Ukimwambia fundi unataka kochi wiki hii kwa sababu ya sherehe, atatumia mbao alizonazo, ziwe kavu au zisiwe.

Sofa za nje nasikia ni za MDF. Ni kweli?

Baadhi ndiyo, nyingine hapana. MDF ni ubao wa nyuzi laini za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na chipubodi ni wa vipande vya mbao vilivyogandishwa vivyo hivyo. Ndani ya sofa za kontena nimekuta mbao za paini zilizokaushwa vizuri, nimekuta plaiwudi nene, na nimekuta chipubodi iliyounganishwa kwa pini tu. Zote zilikuwa na sura moja kwa nje.

Plaiwudi si aibu. Ubao wa plaiwudi wa milimita 15 hadi 18 haujipindi na haupasuki kirahisi, na watengenezaji wazuri wanautumia kwa makusudi. Chipubodi na MDF zina udhaifu mmoja mkubwa kwetu: zikipata maji au unyevu wa muda mrefu huvimba, na zikishavimba skrubu haishiki tena. Mguu ukichomoka kwenye chipubodi, huwezi kuurudisha palepale, inabidi kuweka ubao mpya. Kwa nyumba inayodekiwa kwa maji mengi kila siku, ukingo wa chini wa sofa ya namna hiyo hauchukui muda kuharibika.

Ili kujua, omba sofa ilazwe chali. Chini kuna kitambaa chepesi cheusi kilichopigwa pini. Omba pini nne au tano za kona moja zing'olewe, kisha mulika ndani kwa tochi ya simu. Ni kazi ya dakika mbili na pini zinarudishwa bila alama. Muuzaji akikataa kabisa, mimi nisingeinunua.

Naweza kupima fremu bila kufungua kitu?

Shika kona moja ya mbele ya kochi la watu watatu na uinyanyue taratibu. Ukiwa umefika kama sentimita 15 kutoka sakafuni, mguu wa mbele wa upande wa pili unapaswa kuwa umeanza kunyanyuka. Kama bado umekaa chini huku wewe unaendelea kuinua, fremu inajinyonga, maana yake viungo ni legevu au mbao za mbele ni nyembamba.

Kisha sukuma mkono wa kochi kwa nje na kwa ndani. Mkono ndio unaokaliwa na wageni na kuegemewa na anayeinuka, kwa hiyo ndio unaolegea kwanza. Kwenye kochi lililo wazi, kiungo kizuri kina gundi ya mbao pamoja na skrubu, na kila kona ya ndani ina kibao cha pembetatu cha kuikaza. Kiungo cha misumari mitupu kitashika, lakini si kwa muda mrefu.

Chini ya sponji kunatakiwa kuwe na nini?

Kitu kinachonesa. Kuna njia tatu za kawaida: springi za chuma zilizopinda kama nyoka, mikanda ya mpira iliyofumwa kwa kukatizana, au ubao mtupu wa plaiwudi. Springi na mikanda zote ni nzuri zikiwekwa karibukaribu. Mafundi wengi hutumia mipira iliyokatwa kwenye tyubu za magari, nayo inafanya kazi ikiwa imevutwa sawasawa na nafasi kati ya mpira na mpira haizidi upana wa mpira wenyewe. Nafasi ikiwa kubwa, sponji inasukumwa kwenye matundu na kukatika kwa chini.

Ubao mtupu ni wa bei nafuu na haubonyei, lakini unalazimisha sponji ibebe uzito wote peke yake. Ukiona sofa ya kuvutia ambayo ukikaa kwa nguvu unagonga kitu kigumu, jua ni ubao, na sponji iliyo juu yake itachoka mapema.

Densiti ya sponji ni nini hasa?

Ni uzito wa sponji katika ukubwa fulani: kilo ngapi zipo kwenye mita moja ya ujazo. Sponji ya densiti 16 ina kilo 16 katika kila mita ya ujazo, na ya 30 ina kilo 30. Nyingine yote ni hewa. Kadiri malighafi inavyokuwa nyingi ndani, ndivyo sponji inavyochukua muda zaidi kabla ya kubaki imebonyea. Kwenye lebo za sofa za China utaona 30D au 35D, na maana yake ni hiyohiyo.

Kwa sehemu ya kukalia inayotumika kila siku, usiende chini ya 28. Kama nyumba ina watu wazito, au kochi ndilo kitanda cha wageni, tafuta 32 hadi 35. Kwa mgongo, 18 hadi 22 inatosha kwa kuwa haibebi uzito wa mwili wote, na kwa mikono ambayo sponji yake ni nyembamba, chukua ya 22 au zaidi. Kuweka 35 kila mahali ni kupoteza pesa, na mgongo unakuwa mgumu bila sababu.

Muuzaji anasema ni "hai densiti". Nimwamini?

Mwombe mizani. Neno hilo halina kipimo, kila mtu analitumia kwa sponji yoyote iliyo juu kidogo ya ile ya chini kabisa dukani kwake.

Kuna mama mmoja wa Tegeta aliyeniletea mito miwili. Mmoja ulitoka kwenye kochi lake jipya lililokuwa limebonyea ndani ya miezi michache, na mwingine ulitoka kwenye kochi la zamani la dada yake ambalo bado lilikuwa imara. Yote miwili iliuzwa kwa jina la hai densiti, na yote ilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana 55 na unene 12. Tulitoa sponji kwenye foronya zake tukaziweka kwenye mizani ya jikoni.

Hesabu ni fupi. Geuza vipimo viwe mita, kisha zidisha: 0.60 mara 0.55 mara 0.12 ni 0.0396. Huo ndio ujazo. Sponji ya kochi jipya ilikuwa na gramu 700, yaani kilo 0.7. Ukigawa 0.7 kwa 0.0396 unapata karibu 18. Ile ya dada yake ilikuwa kilo 1.2, na 1.2 gawa kwa 0.0396 ni kama 30. Kwa hiyo alikuwa anakalia sponji ya mgongo. Hakuhitaji kochi lingine, alihitaji sponji tu, na tulibadilisha mito yote ya kukalia huku kitambaa na fremu vikibaki vilevile.

Ukipima mwenyewe, toa sponji kwenye foronya na uhakikishe ni kavu. Kama imezungushiwa pamba laini ya poliesta, itoe nayo, la sivyo utaipa sponji uzito usio wake. Mto wenye umbo la kupinda ni vigumu kuupima, na hapo omba kipande chakavu kilichobaki karakanani baada ya kukata, mradi umeona kimekatwa kwenye sponji hiyohiyo.

Kwa hiyo sponji nzito ndiyo nzuri siku zote?

Kwa kawaida ndiyo, lakini kuna mitego miwili. Baadhi ya sponji huongezewa unga wa chokaa wakati wa kutengenezwa ili zipate uzito. Mizani itakuambia 30, lakini mpira halisi ndani ni mdogo. Sponji ya namna hiyo ukiisugua kwa vidole inatoa vumbi, na ukiikunja na kuibana kwa nguvu inaacha mkunjo unaochelewa kupotea. Sponji safi hurudi mara moja.

Mtego wa pili ni sponji ya vipande vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi, ile yenye madoa ya rangi nyingi. Ni nzito sana na ni ngumu. Ina kazi yake kama tabaka la chini kabisa, juu ya mikanda, lakini ikiwa ndiyo yote uliyokalia utaumia.

Usichanganye pia densiti na ugumu. Ugumu ni jinsi unavyoisikia ukikaa, na kiwanda kinaweza kutengeneza sponji ya densiti 32 iliyo laini na nyingine ya densiti 18 iliyo ngumu. Watu wengi wanabonyeza kwa kidole gumba, wakikuta ni ngumu wanaridhika. Kidole kimewaambia kuhusu leo tu. Mizani ndiyo inayowaambia kuhusu mwaka ujao.

Kitambaa gani kinafaa kwa hewa ya pwani?

Nitaanza na kile ninachokivua zaidi: leza ya bandia, hasa ile iliyoandikwa PU. Inapendeza sana ikiwa mpya, inafutika kwa kitambaa chenye maji, na ndiyo iliyojaa kwenye sofa za bei ya kati zinazotoka nje. Ni tabaka jembamba la plastiki lililogandishwa juu ya kitambaa, na plastiki hiyo huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa pamoja na joto. Hata bila kukaliwa, inaanza kubanduka magamba. Jasho na mafuta ya mwilini vinaharakisha, ndiyo maana magamba huanzia kichwa kinapoegemea na mkono unapopumzika. Ikishaanza hakuna dawa ya kuisimamisha. Rangi zinazouzwa za kuifufua zinashika kwa muda mfupi, kwa sababu tabaka lenyewe linaachia.

Leza ya bandia ya PVC, ambayo wengi huiita reksini, inavumilia unyevu vizuri zaidi, lakini ni ya joto. Dar es Salaam mwezi Februari, bila feni, utainuka imekuganda mgongoni. Inafaa ofisini, saluni, sehemu za kusubiria. Leza halisi ya ng'ombe ni kitu kingine, ila bei yake ni kubwa, na sofa nyingi zinazoitwa leza zina leza halisi sehemu ya kukalia tu huku pembeni na nyuma zikiwa za bandia.

Kwa sebule ya familia, ninapendekeza kitambaa cha kufumwa cha poliesta kilichobana, au mchanganyiko wa poliesta na pamba. Kinapitisha hewa, hakifubai haraka, na mto unaweza kufunguliwa na kufuliwa. Pamba tupu na lineni ni za kupendeza ngozini, lakini zinanyonya kila kilichomwagika na hupauka karibu na dirisha.

Velveti imekuwa maarufu na siipingi. Velveti nzuri ya poliesta ina manyoya mafupi yaliyoshikamana. Ipime hivi: ikunje sampuli upande wa juu ukiwa nje, utazame kwenye mkunjo. Ukiona nyuzi za chini zimeachana na kitambaa cha nyuma kinaonekana, ni nyepesi, itakuwa na upara sehemu ya kukalia. Kisha isugue kwa kitambaa cheupe chenye maji kidogo uone kama inatoa rangi.

Maduka machache ya vitambaa vya kuagizwa yatakuonyesha namba ya kipimo cha kusuguliwa, kinachoitwa Martindale. Kwa matumizi ya nyumbani ya kila siku 20,000 ni ya kutosha, na kwa nyumba yenye watoto wengi tafuta 30,000 na zaidi. Namba hiyo hupimwa kwenye vitambaa vya kufumwa, haikuambii lolote kuhusu kubanduka kwa leza ya bandia.

Seti nzima inakula mita ngapi?

Vitambaa vingi vya makochi vina upana wa kama mita 1.4. Kwa kochi la watu watatu weka mita 7 hadi 9, la wawili 5 hadi 6, na la mmoja 3 hadi 4, kulingana na urefu wa mgongo na kama mito inashonwa pande zote mbili. Kitambaa chenye maua makubwa au velveti kinahitaji zaidi, kwa kuwa kila kipande lazima kikatwe kikielekea upande mmoja. Velveti ikikatwa ovyo, mto mmoja utaonekana mweusi na mwingine mweupe ingawa umetoka kwenye jora moja.

Basi kati ya fundi wa hapa na seti ya kutoka nje, wewe ungechukua ipi?

Ya fundi, kwa sharti kwamba nitaiona fremu kabla haijafunikwa. Nikikosa nafasi hiyo, faida kubwa ya karakana imepotea.

Kochi la kuagiza kwa fundi unaliamulia kila tabaka: mbao, idadi ya mikanda, densiti ya mto, kitambaa. Linakaa kwenye vipimo vya sebule yako, na mito yake hubadilishwa na fundi yeyote kwa sababu imekatwa kwenye sponji za kawaida za hapa. Udhaifu wake ni mbao mbichi, ahadi za siku, na ukweli kwamba fundi yuleyule anaweza kukupa kazi mbili zenye ubora tofauti kulingana na msaidizi aliyekuwepo.

Seti ya kontena ina mbao kavu mara nyingi zaidi, mshono ulionyooka, na unaiona ilivyo leo hii bila kusubiri. Lakini imetengenezwa iwe nyepesi ili isafirishwe kwa nafuu, na wepesi huo hutoka kwenye fremu na sponji. Sehemu za kubadilisha hazipatikani: mguu wa plastiki wenye skrubu ya saizi yake, au springi ya umbo lake, ukiharibika nalazimika kutengeneza mbadala. Sofa ya nje iliyo na plaiwudi nene, sponji ya 30 na kitambaa cha kufumwa ni bora kuliko kazi ya haraka ya mtaani. Ila kwa bei ya sofa hiyo, fundi mzuri mwenye mbao kavu anakupa kitu cha kudumu zaidi.

Kuna kundi la tatu linalosahaulika: sofa zilizokwisha kutengenezwa na kupangwa mbele ya maduka ya Keko. Ni kazi ya hapa, lakini imeshafunikwa. Zichukulie kama za kontena, zilaze chali, ng'oa pini, mulika, pima mto.

Nikimpa fundi kazi, niisimamie vipi?

Andikeni kwenye karatasi moja aina ya mbao, kama zimetiwa dawa, densiti ya sponji ya kukalia na ya mgongo pamoja na unene wake, jina la kitambaa na rangi, na vipimo. Neno "sponji nzuri" lisiwemo.

Gawanya malipo kulingana na hatua. Cha kwanza kinunue mbao. Fremu ikikamilika, nenda ukaione ikiwa uchi. Ikalie, itikise, inyanyue kona, tazama vibao vya pembetatu na ncha za mbao. Ukiridhika, toa pesa ya sponji na kitambaa, na kama una nafasi nenda na fundi dukani siku ya kununua sponji. Pale ndipo densiti 28 hugeuka kuwa 20. Rudi tena mikanda na sponji zikiwa zimewekwa, kabla kitambaa hakijapigwa pini. Fedha ya mwisho ikabidhiwe kochi likiwa limefika nyumbani.

Fundi mwema hachukizwi na ukaguzi huu. Mara nyingi anaufurahia, kwa sababu unampa sababu ya kutumia vifaa ambavyo wateja wengine hawataki kuvilipia.

Vipimo gani vya kukalia vinafaa?

Urefu wa kutoka sakafuni hadi juu ya mto uwe sentimita 42 hadi 45, na kina cha kukalia 53 hadi 58. Sofa nyingi za nje zina kina kinachozidi 60, na mtu mfupi au mzee anashindwa kuegemea huku miguu ikigusa chini. Kama wazazi wanaishi nanyi, panda hadi 47 na mto uwe mgumu kidogo, ili wasihangaike kuinuka. Pima pia mlango, korido na kona ya ngazi kabla ya chochote. Sofa ya L ya kontena kawaida huachana vipande viwili, na fundi naye anaweza kukutengenezea hivyo ukimwambia kabla hajaanza kukata mbao.

Nina kochi la zamani. Nilivalishe upya au ninunue jipya?

Livue kitambaa cha chini uitazame fremu. Kama ni mbao ngumu, viungo vinashika na hakuna tundu za wadudu, livalishe. Makochi mengi ya mninga ya miaka ya nyuma yana fremu ambazo leo ungezilipia pesa nyingi, na yanachohitaji ni mikanda mipya, sponji ya 30 na kitambaa. Kama ni chipubodi iliyovimba au mbao iliyobunguliwa, usilitie kitambaa kipya. Ondoa ndani ya nyumba hata vipande vyake vilivyoliwa, kwa kuwa wadudu wakikomaa hutoka na kutafuta mbao nyingine.

Gharama kubwa katika kuvalisha upya ni kitambaa na sponji, ambazo ungezilipia hata kwenye kochi jipya. Kwa hiyo mwombe fundi akupe bei ya fremu peke yake kwa kochi jipya la ukubwa uleule. Tofauti kati ya bei hiyo na gharama ya kukaza viungo vya fremu uliyonayo ndiyo pesa unayookoa.